Umekatwa pesa kwenye kadi: uanze na kampuni au benki? Mwongozo kamili, bila kufungiwa akaunti

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu ya ujumbe mmoja unaonijia kila mara kwa sura tofauti: "Kaka, benki wamenirudishia pesa yangu, lakini sasa akaunti yangu haifunguki." Anayeuliza hudhani ni mambo mawili yasiyohusiana, kumbe la pili limezaliwa na la kwanza.

Ninazungumzia malipo ya kadi ya Visa au Mastercard kwa kampuni ambayo una akaunti nayo: duka la magemu, programu ya kulipia kwa mwezi, hifadhi ya picha, na kadhalika. Kadi ya mtandaoni inayotolewa na kampuni ya simu, kama ile ya M-PESA GlobalPay ya Kenya, nayo ni Visa, ila hapo badala ya tawi la benki unawafuata waliokupa kadi. Pesa uliyotuma kwa Lipa Namba au till haimo humu. Hiyo haina utaratibu wa kadi, ni kuomba kampuni ya simu irudishe muamala.

## Milango miwili, matokeo mawili

Ukiiomba kampuni ikurudishie, kampuni yenyewe ndiyo inayotoa pesa. Kwenye vitabu vyake mauzo yamefutwa na mmeachana salama.

Ukipinga muamala benki, benki yako inaenda kuichukua pesa kupitia benki ya kampuni, kampuni itake isitake. Juu ya hapo kampuni hutozwa ada ya usumbufu. Mfanyabiashara wa Marekani anayepokea malipo kupitia Stripe, kwa mfano, hukatwa dola 15 kwa kila muamala uliopingwa. Pia huhesabiwa: kampuni yenye miamala mingi ya kupingwa hubanwa na Visa na Mastercard.

Kwa hiyo mifumo ya kampuni nyingi humtazama aliyepinga kama mdaiwa, au kama mwizi wa kadi. Sony husimamisha akaunti ya PlayStation mpaka deni lililoachwa na malipo yaliyorudishwa lilipwe. Steam nayo hufungia akaunti ambayo malipo yake yamepingwa mpaka jambo limalizwe. Si lazima awepo mtu aliyekukasirikia. Mara nyingi ni mfumo unaofanya hivyo wenyewe usiku, wala hausomi maelezo yako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Stetimenti ya akaunti, si SMS peke yake.
- Risiti ya kampuni iliyokuja kwa barua pepe, yenye namba ya oda.
- Skrinishoti ya tarehe uliyositisha huduma, kama ulisitisha.
- Tarakimu nne za mwisho za kadi uliyolipia. Usimtumie mtu yeyote namba nzima, wala zile tatu za nyuma.
- Daftari au noti ya simu ya kuandika tarehe. Usiidharau. Kesi hizi huamuliwa kwa tarehe kuliko kwa uchungu wa mlalamikaji.

## Hatua ya 1: Hakikisha umekatwa kweli

Hapa ndipo mdogo wangu wa Mwanza alipopotea, na nitamrudia mara kadhaa.

Jumamosi usiku alikuwa ananunua gemu la dola 40. Ukurasa ukaganda, akabonyeza tena. Zikaingia SMS mbili za benki, zenye kiasi kilekile, zikipishana dakika moja. Akaamini amekatwa mara mbili.

SMS ya benki hutoka pale kampuni inapoomba ruhusa. Benki hukishikilia kile kiasi, lakini pesa bado haijaondoka. Kampuni isipokuja kuichukua, kizuizi hulegea chenyewe, mara nyingi baada ya siku chache, wakati mwingine zaidi ya wiki. Kubonyeza mara mbili kunaweza kabisa kuzaa ruhusa mbili na mauzo mamoja.

Utajuaje? Fungua programu ya benki. Ukiona neno `Pending`, au salio unaloweza kutumia ni dogo kuliko salio la akaunti, pesa imeshikiliwa tu. Kisha tazama barua pepe: una risiti ngapi? Risiti moja na SMS mbili maana yake karibu kila mara ni kizuizi.

Muamala uliopo kwenye kizuizi haupingiki, kwa kuwa hakuna kilichokwishahama. Subiri uingie kwenye stetimenti au upotee. Umefaulu hatua hii ukiweza kuonyesha kwa kidole mstari wa stetimenti unaoulalamikia.

## Hatua ya 2: Jibu swali moja kwa ukweli

Je, ni wewe, au mtu wa nyumbani kwako, uliyeweka kadi hiyo kwenye kampuni hiyo?

Kama hapana, huna habari nayo kabisa, huo ni wizi wa kadi. Usipoteze muda kuandikia kampuni. Funga kadi sasa hivi kwenye programu, kisha piga simu benki. Hapo mlango wa benki ndio wa kwanza, na hatua zinazofuata hazikuhusu mpaka ile ya 6.

Kama ndiyo, hata kama ulisahau, hata kama ni mtoto aliyenunua almasi za gemu kwa simu yako, si wizi machoni pa benki. Ni mgogoro wa mnunuzi na muuzaji, na kanuni za Visa kwa migogoro ya aina hiyo zinataka uwe umejaribu kwanza kumalizana na muuzaji.

Mdogo wangu alifika dirishani Jumatatu asubuhi. Dada wa benki akageuza kioo cha kompyuta, akamwonyesha mistari miwili. "Kaka, miamala hii unaitambua?" Yeye akili yote ilikuwa kwenye ule wa pili. Akajibu, "Siitambui, dada." Wingi. Fomu ikajazwa kwa miamala yote miwili, kisanduku kikawekwa alama kwenye "sikufanya muamala huu", akatia sahihi.

Kwa neno hilo moja kadi yake ikafungwa papo hapo, kwa sababu kadi iliyoibiwa haiachwi wazi. Alisubiri mpya wiki mbili. Alhamisi ile pesa ya pili ikarudi yenyewe, kwa kuwa ilikuwa kizuizi tu. Wiki iliyofuata akaunti yake ya magemu, yenye ununuzi wa miaka minne, ikafungwa, kwa kuwa alikana hata lile gemu moja alilonunua kweli na kulicheza.

Onyo: usikane muamala ulioufanya ili kesi iende haraka. Kama uliweka namba ya siri iliyokuja kwa SMS, benki inaiona kwenye kumbukumbu zake. Na tangu Aprili 2023 Visa inamruhusu muuzaji kujibu madai ya "si mimi" kwa kuonyesha miamala miwili ya nyuma ya kadi hiyohiyo ambayo hukuipinga, iliyotoka kwenye kifaa au anwani ya mtandao ileile na akaunti ileile. Mtu mwenye akaunti ya miaka minne amewapa ushahidi huo mwenyewe.

## Hatua ya 3: Ziba tundu kabla ya kudai maji yaliyomwagika

Kama ni huduma inayokata kila mwezi au kila mwaka, sitisha kwanza. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi chochote. Kama ulilipia kupitia Google Play au Apple, usitishaji uko kwenye akaunti yako ya Google au Apple, si ndani ya programu yenyewe.

Haraka hii ina sababu. Ukija kupinga benki kwa hoja ya "nilisitisha wakaendelea kukata", kinachoangaliwa ni kama ulisitisha *kabla* ya muamala. Ukisitisha tarehe 11 kwa sababu umekatwa tarehe 10, hoja hiyo haipo kwa makato ya tarehe 10. Itakufaa kwa yajayo tu.

Subiri barua pepe ya kuthibitisha usitishaji, uipige skrinishoti ikionyesha tarehe. Bila hiyo hujamaliza.

## Hatua ya 4: Iombe kampuni, kwa njia yao na ndani ya muda wao

Kila duka lina dirisha lake la siku, na dirisha hilo ndilo linalowaponyoka wengi. Steam hurudisha pesa ya gemu ukiomba ndani ya siku 14 tangu kununua, ukiwa umelicheza chini ya saa 2. Google Play hupokea maombi moja kwa moja ndani ya saa 48, baada ya hapo hukuelekeza kwa aliyetengeneza programu. Apple hupokea kupitia `reportaproblem.apple.com`. Kwa kampuni nyingine tafuta kwenye tovuti yao neno `Refund`, usome siku zao.

Tumia fomu yao, si ukurasa wao wa Instagramu. Fomu hukupa namba ya tiketi, na namba hiyo ndiyo shahidi wako baadaye.

Ujumbe uwe mfupi, wenye tarehe na ombi moja. Hivi, kwa lugha wanayoipokea:

> Nilisitisha huduma tarehe 3 Machi (uthibitisho nimeambatanisha). Tarehe 10 Machi mmekata dola 60 kwenye kadi inayoishia na 4471, oda namba hii. Naomba mrudishe dola 60 kwenye kadi hiyohiyo. Tafadhali nijibuni kabla ya tarehe 24 Machi.

Usitishie kwenda benki katika ujumbe wa kwanza. Sisemi kwa ajili ya adabu. Sehemu nyingine mhudumu akiona neno hilo hulazimika kuhamisha kesi kwenye dawati la wapinga malipo, na hapo mazungumzo ya kawaida yamekwisha.

Umefaulu ukipata sentensi inayosema wazi kwamba pesa inarudishwa, kiasi gani na lini. "Tunalifanyia kazi" si jibu.

## Hatua ya 5: Hesabu siku, kisha uliza namba

Pesa ya kurudishwa huchukua siku 5 hadi 10 za kazi kufika kwenye kadi. Ikipita hapo, usirudi kampuni kulalamika tu. Waombe `ARN`. Ni namba ya tarakimu 23 ambayo kila muamala wa kadi hubeba, na urejeshaji una yake. Peleka namba hiyo benki, waambie wautafute. Mara nyingi pesa imeshafika benki na imekaa mahali ikisubiri mtu aiulize.

Kampuni ikishindwa kukupa namba hiyo, kuna uwezekano mkubwa hawajarudisha kitu. Kwa Visa, ukiwa na ahadi yao ya maandishi na siku 15 zimepita, benki ina haki ya kupinga kwa hoja kwamba marejesho yaliyoahidiwa hayakutolewa. Hiyo ni hoja nzuri kuliko zote, maana kampuni yenyewe imeshakiri.

Jambo dogo linaloleta ugomvi: pesa iliyorudi huenda isilingane na iliyokatwa. Dola 60 zilizokatwa kwa shilingi 2,700 ni 162,000. Zikirudi siku ambayo benki inanunua kwa 2,640 unapokea 158,400. Zile 3,600 zimeondoka na kiwango cha kubadilishia fedha, kampuni haijakuibia. Watu wamepinga muamala mzima kwa ajili ya tofauti kama hiyo, wakafungiwa.

## Hatua ya 6: Kabla ya kwenda benki, okoa vyako

Kampuni imekataa au imenyamaza, na umeamua kupinga. Chukulia kwamba akaunti ya kampuni itafungwa kesho, na ujiulize nini kitabaki humo ndani.

Pakua picha, faili na risiti zako zote. Kama akaunti hiyo ndiyo unayotumia kuingilia sehemu nyingine, badilisha njia ya kuingia kule kwingine kwanza. Kama ni akaunti ya Google yenye barua pepe zako zote na programu za kulipia, jiulize kama dola 5 zina thamani ya kuichezea. Mimi kwa kiasi kidogo kwenye akaunti kubwa huwa naacha. Kwa kampuni nisiyotaka tena kuisikia, sifikirii mara mbili.

Aliyeibiwa kadi naye asiruke hatua hii kabisa. Kama mwizi alitumia kadi yako ndani ya akaunti yako mwenyewe ya duka, badilisha nywila na uiarifu kampuni siku hiyohiyo, uandikishe kwamba akaunti iliingiliwa. Bila hivyo utaonekana wewe ndiye uliyenunua kisha ukakana.

## Hatua ya 7: Pinga muamala benki

Muda wa Visa na Mastercard kwa kesi nyingi ni siku 120. Kwa bidhaa au huduma ambayo haikufika, huhesabiwa tangu siku ilipotakiwa kufika. Benki yako inaweza kukuwekea muda mfupi zaidi ili ipate nafasi ya kuandaa faili, kwa hiyo usikae nazo zote. Mtu anayesubiri majibu ya kampuni miezi mitatu hujikuta amebakiza wiki chache tu.

Omba fomu ya kupinga muamala. Mambo matatu ya kuangalia kabla ya sahihi:

Kwanza, mistari. Hesabu miamala iliyoandikwa, utoe yote usiyoilalamikia. Mdogo wangu angeokolewa na jambo hili pekee.

Pili, sababu. Fomu huwa na visanduku: sikufanya muamala huu, bidhaa haikufika, bidhaa si ile niliyoelezwa, nilisitisha huduma, nimekatwa mara mbili, niliahidiwa marejesho sikuyapata. Chagua kimoja ambacho karatasi zako zinakithibitisha. Kesi ya usitishaji ikipelekwa kama wizi huanguka hata kama una haki, kwa sababu kampuni inajibu swali la wizi tu.

Tatu, kiasi. Kama umepokea nusu ya huduma au nusu ya pesa, pinga kilichobaki, si chote.

Ambatanisha ujumbe wako kwa kampuni na majibu yao, ukipanga kwa tarehe. Kwa mfano wa pale juu, faili lina karatasi nne: uthibitisho wa kusitisha wa tarehe 3, mstari wa stetimenti wa tarehe 10, ombi lako, na jibu lao. Linatosha.

Uliza pia: kadi itafungwa? Kuna ada nikishindwa? Ukiondoka na namba ya kumbukumbu ya kesi na nakala ya fomu yenye muhuri, umemaliza.

## Hatua ya 8: Wakati wa kusubiri

Benki nyingine huweka pesa kwenye akaunti yako mapema, kwa muda. Usiitumie. Kampuni ina takriban siku 30 kujibu chini ya Visa, na 45 chini ya Mastercard, na ikijibu vizuri benki huichomoa pesa hiyo bila kukuuliza. Ukiwa umeshailipia kodi ya nyumba, salio litasoma hasi.

Kampuni ikikurudishia yenyewe wakati kesi iko wazi, nenda benki siku hiyo ukaifute kwa maandishi. Pesa kurudi mara mbili hugundulika, na hapo kampuni ina haki ya kukuona mdaiwa.

Benki ikikaa kimya au ikakataa bila kueleza, andika lalamiko rasmi kwa benki yenyewe kwanza. Baada ya hapo dawati la malalamiko la Benki Kuu ya nchi yako hupokea kesi, na litadai kuona kwamba ulianzia benki.

## Kama akaunti imeshafungwa

Usifungue akaunti mpya kwa kadi ileile. Mfumo huziunganisha, na ya pili hufungwa pia. Usipinge miamala mingine ya kampuni hiyo kwa hasira, kila mmoja ni deni jingine.

Andika kwa kampuni ukitaja muamala uliopingwa, uwaulize jambo moja: mnataka nifute kesi benki, au nilipe upya? Kampuni hutofautiana, na kufanya lisilo lao hukuchelewesha. Wakitaka kesi ifutwe, benki ikupe barua inayosema mteja ameondoa pingamizi, yenye tarehe, kiasi na `ARN` ya muamala. Maneno matupu ya "nimeshafuta" hawayapokei.

Mdogo wangu alirudi kwa yule yule dada wa dirishani, akaandika kwamba muamala wa kwanza anautambua. Barua ya benki ilitoka baada ya siku nane, naye akaituma kwenye tiketi yake. Tangu alipojibu lile "siitambui" hadi akaunti kufunguka zilipita wiki saba. Gemu lenyewe, nilipomuuliza, alikuwa ameshalichoka.